Shajara ya mradi: ukaguzi wa nje na ukurasa wa hali kwa mfumo wetu wa mauzo

13 Januari 2025: Tulipoanzia

Mfumo tunaouendesha ni wa mauzo na stoo kwa maduka ya jumla. Wateja wengi wako Kariakoo, na wengine Mwanza, Arusha na Mbeya. Seva mbili ziko katika kituo cha data hapa Dar es Salaam: moja inabeba programu, nyingine inabeba hifadhidata ya PostgreSQL. Ulinzi uliokuwapo hadi leo ni programu ndogo iliyowekwa ndani ya seva hizohizo, ambayo hupima diski, kumbukumbu na mzigo wa kichakato, kisha hutuma barua pepe jambo likizidi kiwango.

Udhaifu wake ulionekana mwezi uliopita umeme ulipokatika kwenye kabati la seva. Mlinzi alizimika pamoja na kile alichokuwa akikilinda, na barua pepe haikutoka. Habari ilitufikia kwa simu ya mteja, na dada wa huduma kwa wateja alimjibu kwa ukweli kwamba kwake hakuna taarifa yoyote ya hitilafu. Mteja akasema, "Kumbe na ninyi hamjui, dada?" Wateja waliolalamika baadaye hawakutaja sana saa waliyokosa huduma, walitaja jibu hilo.

Lengo la mradi huu kwa hiyo halihusu kupunguza hitilafu. Ni kwamba hitilafu ikitokea saa za kazi, tangazo letu la kwanza lililoandikwa na mtu limfikie mteja ndani ya dakika 10, kabla hajainua simu. Naandika hatua kwa hatua ili mwenye mfumo wa ukubwa kama wetu aweze kunakili, pamoja na yale yaliyotukwamisha.

22 Januari 2025: Jicho la kwanza nje ya nchi

Tumekodi seva ndogo Frankfurt kwa takribani Sh 15,000 kwa mwezi, kwa kampuni isiyo na uhusiano wowote na kituo chetu cha data. Juu yake tumeweka Uptime Kuma, programu huria ya kukagua kutoka nje kama mfumo unajibu, nayo ndiyo tunayoiita jicho.

```
docker run -d --restart=always \
  -p 127.0.0.1:3001:3001 \
  -v uptime-kuma:/app/data \
  --name uptime-kuma louislam/uptime-kuma:1
```

Sehemu ya `127.0.0.1` isiachwe, kwa sababu bila hiyo ukurasa wa utawala hufunguka kwa dunia nzima. Sisi tunaufikia kupitia nginx yenye cheti.

Mpangilio wa kwanza ulikuwa kuuliza ukurasa wa mbele kila sekunde 60 na kupiga kengele kila jibu moja linapokosekana. Usiku wa kwanza tu kengele zililia mara kadhaa kwa pakiti zilizopotea njiani kati ya Frankfurt na Dar es Salaam, na fundi wa zamu akaizima sauti ya simu yake, jambo ambalo lingefanya mradi mzima usiwe na maana. Sasa jibu likikosekana jicho hurudia mara 2, kila baada ya sekunde 20, na kila jaribio hupewa sekunde 10 za kusubiri. Ukijumlisha hali mbaya kuliko zote, yaani hitilafu kutokea mara tu baada ya ukaguzi uliofaulu, ni sekunde 60, kisha 10, kisha 20 na 10, kisha tena 20 na 10: sekunde 130. Katika dakika zetu 10, zaidi kidogo ya 2 zimeshatumika kabla mtu hajajua lolote. Bei hiyo tumeikubali, kwa kuwa kengele inayolia ovyo huishia kutosikilizwa.

3 Februari 2025: Ukaguzi unaouliza swali la mteja

Ukurasa wa mbele wa mfumo ni wa kuingilia tu. Hauigusi hifadhidata, kwa hiyo hurudisha `200` hata pale ambapo hakuna duka linaloweza kutoa ankara hata moja. Mteja hanunui huduma yetu ili aone ukurasa wa kuingilia. Tukaamua kuandika anwani ya ukaguzi, `/afya/ankara`, inayofanya kile anachofanya muuzaji: inafungua muamala, inaandika ankara ya mfano, inaisoma, kisha inaufuta muamala kwa `ROLLBACK` na kurudisha neno `SAWA`. Kwenye Uptime Kuma tulitumia aina ya ukaguzi inayotafuta neno, kwa sababu namba `200` peke yake haitoshi. Ukurasa wa kosa uliopambwa vizuri nao unaweza kuja na `200`.

Tuliuwasha Ijumaa tarehe 31 Januari, saa 11 jioni, maduka yakifunga. Jumamosi asubuhi mhasibu wa mmoja wa wateja wetu wa mwanzo kabisa alipiga simu akiuliza ankara zake zimekwenda wapi. Ankara yake ya mwisho ya Ijumaa ilikuwa namba 48,212, na ya kwanza ya Jumamosi saa 2 asubuhi ikawa 49,113. Kwa mhasibu, namba 900 zilizoruka usiku mmoja ni dalili ya mauzo yaliyofichwa.

Sababu ni tabia ya PostgreSQL iliyoandikwa waziwazi katika maelezo yake, ingawa ni rahisi kuisahau. Mfululizo wa namba unapotoa namba kwa `nextval`, namba hiyo hairudi hata muamala ukifutwa, ili miamala inayokwenda sambamba isisubiriane. Ankara yetu ya mfano ilikuwa inafutwa sawasawa. Namba yake ndiyo iliyokuwa inaungua. Msimbo ulichukua duka lenye kitambulisho cha chini kabisa, ambalo ni duka halisi la mteja, na kila duka lina mfululizo wake. Saa 15, mara dakika 60, ni namba 900 kamili.

Tumeunda duka la majaribio lenye mfululizo wake peke yake, lisiloonekana katika ripoti yoyote, na ukaguzi unaandika humo. Mhasibu amepewa barua yenye muhuri inayoeleza namba zilizoruka na sababu yake, kwa kuwa mkaguzi wa hesabu atakuja kumuuliza, na maelezo ya simu hayawekwi kwenye faili.

Kasoro ya pili ilikuwa imejificha zaidi. Katika mazingira ya majaribio tulijaza miunganisho yote ya hifadhidata kwa makusudi. `max_connections` ya PostgreSQL ikiachwa kama ilivyo ni 100. Programu ilianza kutapika kosa hili:

```
FATAL: sorry, too many clients already
```

Ukaguzi, hata hivyo, ulibaki kijani. Aliyeuandika aliupa muunganisho wake maalumu, unaofunguliwa programu inapowaka na kubaki wazi, akidhani kwamba hivyo hautawasumbua wateja. Kwa mpango huo ukaguzi ulikuwa na mlango wa nyuma ambao mteja hana. Sasa unachukua muunganisho kutoka kwenye bwawa la miunganisho lilelile linalotumiwa na wateja, na usipoupata ndani ya sekunde 3 unahesabika kuwa umeshindwa.

Jambo moja tulilikataa: kuingiza humo huduma za watu wengine, kama mtoa huduma wa malipo. Akikwama yeye, mauzo ya taslimu yanaendelea, na si haki ukurasa mzima uwe mwekundu. Huduma hizo zina ukaguzi wao na mstari wao.

17 Februari 2025: Ukurasa ukae wapi

Uptime Kuma ina ukurasa wa hali ndani yake, yaani ukurasa unaomwonyesha mteja kama huduma inafanya kazi, na wazo la kwanza lilikuwa kuuelekeza kwenye kikoa chetu kidogo, `hali.` mbele ya jina la kampuni. Tuliliacha kwa sababu ya kawaida katika historia ya kazi hii: ukurasa wa hali unaoegemea kile unachokitangaza huanguka nacho. Tarehe 28 Februari 2017, hifadhi ya S3 ya Amazon ilipopata hitilafu kubwa huko Virginia ya Kaskazini, wahandisi wao hawakuweza kubadilisha rangi kwenye ukurasa wao wa afya ya huduma, kwa kuwa chombo cha kuuhariri nacho kilitegemea S3. Kwa takribani saa mbili alama zilibaki zikionyesha kwamba mambo ni shwari, nao wakalazimika kutumia Twita na maandishi juu ya ukurasa.

Kikoa kidogo kina kasoro ya namna hiyohiyo. Seva za DNS za kikoa kikuu zikipotea, jina kuu na jina dogo hupotea pamoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Facebook tarehe 4 Oktoba 2021, njia za kuzifikia seva zake za DNS zilipoondolewa kwenye intaneti. Tumesajili kikoa kingine kabisa, kwa msajili mwingine, chenye DNS ya kampuni nyingine. Gharama ni karibu Sh 40,000 kwa mwaka. Ada yake inalipwa mwezi tofauti na ya kikoa kikuu, ili uzembe mmoja wa malipo usiangushe vyote viwili.

Kisha likaja suala la mzigo. Siku ya hitilafu kila mteja huufungua ukurasa huu kwa wakati mmoja, na ukurasa wa ndani ya Uptime Kuma huulizia hali mpya kwa kila kivinjari kilichoufungua. Hatukutaka jicho lianze kuhema wakati linapohitajika, kwa hiyo tukatengeneza ukurasa tuli, faili moja la HTML linaloandikwa upya kila dakika. Tuliuweka kwanza kwenye huduma ya bure ya kurasa tuli. Katika zoezi la kwanza tulizima mfumo wa majaribio, faili likabadilika kuwa jekundu, lakini simu ya mwenzetu iliendelea kuonyesha kijani kwa dakika kadhaa. Vichwa vya jibu vilieleza kila kitu:

```
curl -sI https://hali.example/ | grep -i cache-control
cache-control: max-age=600
```

Sekunde 600 ni dakika 10, yaani muda wote tuliojiahidi, na huduma ile haikuturuhusu kuubadilisha. Tumehamia seva ndogo ya kukodi Johannesburg, Sh 30,000 kwa mwezi, yenye nginx na mpangilio huu:

```
add_header Cache-Control "no-cache" always;
```

Hapo kivinjari hulazimika kuuliza kila mara kama faili limebadilika. Tumeongeza pia kwamba faili lisipoandikwa upya kwa dakika 5, bango la kijivu hutokea likisema ukaguzi haujasasishwa tangu saa fulani. Bila bango hilo, jicho likifa ukurasa hubaki na rangi yake ya mwisho, ambayo karibu siku zote ni kijani.

Saa nazo zilitusumbua. Ukurasa uliandika muda wa UTC, `07:12`. Dada wa huduma kwa wateja aliusoma kuwa saa 7:12 mchana, mwenzake akasema ni saa moja asubuhi, na hali halisi ni saa 4:12 asubuhi ya hapa. Sasa muda unaandikwa kwa saa zetu, na sehemu ya siku haiachwi kamwe.

Mistari ya ukurasa ni minne, kwa maneno ya dukani: Kuingia kwenye mfumo, Kutoa ankara, Ripoti, Malipo ya simu. Neno hifadhidata halimo, kwani halimsaidii mwenye duka kuamua chochote.

5 Machi 2025: Jicho la pili, na nani aseme nini

Johannesburg imewekewa Uptime Kuma ya pili yenye ukaguzi uleule. Programu hizi mbili hazina namna ya kushauriana zenyewe, kwa hiyo hati fupi husoma majibu ya zote mbili kila dakika. Jicho moja likisema hapana na jingine ndiyo, fundi wa zamu hupigiwa kengele na ukurasa haubadiliki. Yakikubaliana kwamba huduma haipo, mstari unakuwa mwekundu bila kusubiri mtu.

Tulijadili kwa muda iwapo mashine iachiwe kugeuza rangi. Meneja alihofia kutangaza uongo. Hoja iliyoshinda ni kwamba fundi wa zamu, hitilafu inapotokea, huwa anaikimbilia seva, na ukurasa ndio kitu cha mwisho kukumbukwa. Kwa hiyo rangi ni kazi ya mashine, na maneno ni kazi ya mtu. Mtu huyo si fundi anayerekebisha, ni dada wa huduma kwa wateja, ambaye anajua wateja huuliza nini na ana ruhusa ya kuandika bila kupitishiwa na mtu.

Kila jicho hulindwa na jingine kwa ukaguzi wa kusukuma: Frankfurt hutuma salamu kila dakika, na salamu zikikatika Johannesburg hupiga kengele, na kinyume chake.

```
* * * * * curl -fsS -m 10 "https://jicho2.example/api/push/KITAMBULISHO?status=up&msg=OK&ping=" >/dev/null
```

24 Machi 2025: Hitilafu ya kwanza ya kweli

Ilitokea Jumamosi tarehe 22, katika wiki za mwisho za Ramadhani, maduka ya nguo ya Kariakoo yakiwa yamejaa wanunuzi wa Idi.

Saa 4:12 asubuhi ukaguzi wa `/afya/ankara` ulikosa muunganisho. Ukurasa wa mbele uliendelea kurudisha `200` hadi mwisho wa tukio, kwa hiyo kwa mpangilio wa Januari tusingejua lolote. Saa 4:14 macho mawili yalikubaliana na mstari wa Kutoa ankara ukawa mwekundu. Saa 4:18 tangazo la kwanza lilichapishwa na kutumwa kwa ujumbe wa simu. Mteja wa kwanza alipiga saa 4:21, na maneno yake yalikuwa, "Nimeona ujumbe wenu, dada, ila sasa niwauzieje hawa waliopanga foleni?"

Swali hilo lilionyesha upungufu wa tangazo letu, lililosomeka hivi: "Tunafahamu kuna tatizo la kutoa ankara na tunalishughulikia." Lilikuwa kweli na liliwahi, ila lilimwacha mteja palepale alipokuwa. Baya zaidi ni kwamba wauzaji walikuwa wakibonyeza Hifadhi tena na tena. Baadhi ya maombi hayo yalikuwa yanasubiri muunganisho na yangeandikwa yote ukipatikana, yaani ankara mbili au tatu kwa mauzo yale yale. Saa 4:29 tangazo la pili liliandikwa upya kabisa:

"Kutoa ankara hakufanyi kazi tangu saa 4:12 asubuhi. Bei na stoo zinaweza zisifunguke. Andika mauzo kwenye daftari kwa sasa. Tafadhali usibonyeze Hifadhi zaidi ya mara moja, ankara inaweza kujirudia. Mauzo yaliyokwisha kuhifadhiwa hayajapotea. Tutaandika tena saa 4:50, hata kama bado hatujamaliza."

Simu zilipungua sana baada ya hapo, na zilizokuja ziliuliza habari za ankara zilizojirudia tu.

Chanzo kilikuwa ripoti ya mwezi. Watumiaji kadhaa waliiomba kwa pamoja, kila moja ikashika muunganisho kwa dakika nyingi, na bwawa likakauka. Fundi alizikatisha ripoti hizo kwa `pg_terminate_backend`, na saa 4:41 macho yote mawili yakarudi kijani. Tangazo la kumaliza lilitoka saa 4:50 kama tulivyoahidi, likiwa na orodha ya hatua za kufuta ankara iliyojirudia. Ripoti sasa zina bwawa lake dogo, na `statement_timeout` yake ni dakika 2.

Kiolezo cha matangazo kimebadilishwa ili kiwe na sehemu nne za lazima: nini hakifanyi kazi na tangu saa ngapi, mteja afanye nini, asifanye nini, na tutaandika tena saa ngapi. Chanzo cha kiufundi si lazima kiwemo katika tangazo la kwanza, na mara nyingi hakijulikani bado.

14 Aprili 2025: Jicho la ndani ya nchi

Kuna hali moja inayoyadanganya macho mawili ya nje kwa pamoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kusini mwa pwani yetu, wakati baadhi ya nyaya za Bahari ya Shamu zilikuwa bado zimekatika tangu Februari mwaka huohuo. Intaneti ya Tanzania na majirani ilizorota vibaya. Siku ya namna hiyo Frankfurt na Johannesburg zote zinaweza kusema tumekufa, ilhali muuzaji wa Kariakoo anaifikia seva yetu kwa njia za ndani bila shida, na tangazo jekundu likamfanya aache kutumia mfumo unaofanya kazi.

Tumeweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi nyumbani kwa mwenzetu Mbagala, kwenye laini ya kawaida ya simu kama waliyonayo wateja wengi, na betri ya kuihifadhi umeme ukikatika. Inauliza `/afya/ankara` kila dakika. Ugumu ni kwamba waya zikikatika haiwezi kupeleka majibu nje, na ukimya wake unaweza kuwa na maana yoyote. Kwa hiyo ukimya wake hauhesabiwi kura. Macho ya nje yakisema hapana na hili likawa kimya, mstari huwa wa manjano wenye maneno "tunathibitisha", na kompyuta hii humtumia fundi wa zamu SMS kupitia modemu yake, ikisema kama yenyewe inauona mfumo au la. Kutoka hapo anaamua mtu.

Tumelijaribu kwa kufunga anwani za nje kwenye ukuta wa moto wa seva ya majaribio, na SMS ilifika. Kikwazo kinachobaki ni kwamba katika hali hiyo ukurasa wenyewe, ulioko Johannesburg, haufunguki kwa mteja wa hapa. Njia inayobaki ni ujumbe wa simu, ambao kwa mkataba wetu ni Sh 20 kila mmoja, na orodha ya namba iko kwenye hifadhidata ileile inayoweza kuwa imekwama. Nakala yake sasa hutolewa kila usiku na kufungwa kwa nenosiri kwenye kompyuta ya huduma kwa wateja. Zoezi la kuituma kutoka huko, bila kugusa seva, limepangwa wiki ijayo, na matokeo yataongezwa hapa.